Nyota Moja ya Ami

Nilipoandika maoni yale nilikuwa nimekaa kitandani Mombasa, saa tano usiku, na ile taa sikuwahi kuishika mkononi hata dakika moja. Niliinunua mtandaoni, ikapelekwa Lamu, mtu wa boti akaifikisha Ndau. Yaani mimi nilijua picha yake tu, na sauti ya ami kwenye simu akiniambia, kwa upole unaouma kuliko matusi, "Mwanangu, taa yako imezima."

Taa yako. Ilikuwa zawadi ya mshahara wangu wa kwanza. Nilinunua mbili, shilingi 1,450 kila moja: moja ya ami, anayevua kwa mshipi usiku, na moja ya Bibi, kwa ajili ya kwenda uani gizani. Taa za kuvaa kichwani, zinachajiwa kwa waya kama simu. Kichwa cha tangazo kilisema haiingii maji, inakaa saa 12, ya wavuvi na wapanda milima.

Basi nikaandika hivi, na bado ninayo picha ya skrini:

"WEZI WATUPU!!! Taa imekufa siku ya kwanza baharini, ami yangu karibu afe. Wanasema haiingii maji, imejaa maji kama ndoo. Betri ni bandia. Hata nyota moja ni nyingi. MSINUNUE CHOCHOTE HAPA."

Nikalala vizuri sana usiku ule.

Baada ya siku mbili muuzaji akajibu: pole mteja, inaonekana hukufuata maelekezo. Hilo nililitarajia. Lililonichoma lilikuwa la mnunuzi mwenzangu aliyeandika chini yake: "Huyu ni mshindani wa biashara tu. Mimi yangu iko poa." Nikaanza kumjibu, nikafuta. Nikaanza tena, nikafuta. Nilikuwa nikisema kweli, kwani nisiaminiwe kwa nini? Lakini nikisoma maneno yangu kama mtu asiyenijua, sikuona taa pale. Niliona mtu anapiga kelele tu. Sikusema taa ilitumikaje, ilizima vipi, baada ya muda gani. Mtu wa Kisumu au Thika anayetaka taa ya kuku wake angesoma maneno yangu yote na asitoke na kitu.

Nilipokwenda Ndau kwa Idd nilimwambia ami kwamba nimewasema wale watu mtandaoni. Nikamsomea. Alisikiliza mpaka mwisho huku akitengeneza ndoana zake, halafu akauliza, "Nani karibu afe?"

"Wewe, Ami."

"Futa hiyo. Watu wa hapa watanicheka mpaka nizikwe."

Hapo ndipo kazi ilipoanza, kwa sababu nilimtaka anieleze usiku wenyewe, na usiku wenyewe haukufanana na maoni yangu. Kwanza, haikuwa siku ya kwanza. Ulikuwa usiku wa nne. Usiku wa kwanza taa ilifanya kazi barabara, ila asubuhi aliona ukungu ndani ya kioo, akaupangusa kwa nje, haukutoka, akapuuza. Usiku wa nne, wakiwa njiani kurudi, mwezi hakuna, taa ikaanza kupepesa, kisha ikazima. Walikuwa kwenye mkondo wenye mikoko pande zote mbili, na boti za injini hupita pale bila kungoja mtu. Ami hakutaka kubahatisha. Akatia nanga pembeni, akakaa na kijana wake mpaka kukapambazuka. Walipofika, mnunuzi wa samaki alikuwa ameshaondoka na barafu yake, na samaki wakauzwa kijijini kwa bei ya huruma.

"Kosa langu lilikuwa kutoka na taa moja," alisema. "Lakini hiyo usiiandike pia."

Hiyo nilimkubalia. Haikuwa sifa ya taa.

Nikaomba kuiona ile maiti yenyewe. Nilikuwa nimeandika "imejaa maji kama ndoo". Tulipoifungua kwa bisibisi ndogo hapakuwa na hata tone. Palikuwa na unga wa kijani kwenye vyuma vya tundu la chaji. Tundu lile lina kifuniko cha mpira, na kifuniko chenyewe ni kifupi: ukikibonyeza upande mmoja, upande wa pili unanyanyuka kidogo. Unyevu wa chumvi uliingia hapo, polepole, usiku baada ya usiku, ukala shaba. Ule ukungu wa asubuhi ya kwanza ndio uliokuwa taarifa. Taa ambayo kweli imezibwa haitoi ukungu ndani ya kioo.

Halafu nikarudi kwenye tangazo, na hapa nilitaka kujificha. Picha ya tano, pembeni, kwa herufi za kutafuta kwa tochi: IPX4. Kama hujui, na mimi sikujua, hiyo ni alama ya kipimo cha maji. Tarakimu ya mwisho ndiyo ya kuangalia. 4 ni kurushiwa maji kutoka pande zote, kama mvua au mtu anayenawa karibu yako. 7 ni kuzamishwa mita moja kwa nusu saa. Na vipimo hivi hufanywa kwa maji baridi, si ya chumvi, kwa hiyo hata 7 si ahadi ya bahari. Yaani mtengenezaji alisema ukweli kwenye picha ya tano. Aliyesema haiingii maji na akawataja wavuvi ni aliyeandika kichwa cha tangazo. Ningeweza kuendelea kusema "wezi", lakini wizi ni shitaka, linataka nijue nia ya mtu, na nia yake siijui. Nilichokuwa nacho ni sentensi mbili za tangazo moja zinazopingana. Ukizipanga pamoja zinamsema muuzaji vibaya kuliko herufi zangu kubwa zote.

Ikabaki betri. Niliandika ni bandia, lakini kwa hasira tu, bila kuiona. Cha ajabu ni kwamba hilo la kubahatisha ndilo lililokuwa na mashiko zaidi. Ndani ya taa mna betri ya duara, ndefu kama kidole cha kati, aina iitwayo 18650, na ganda lake limeandikwa 9900 mAh. Fundi wa injini pale jirani aliicheka kabla sijamaliza kuuliza. Alisema betri nzuri kabisa za ukubwa ule huishia kwenye 3,500 hivi. 9,900 haitoshei ndani yake, ni kama kuambiwa dumu la lita ishirini limebeba hamsini. Akatoa ya kwake kwenye tochi. Tukazipeleka dukani kwenye mizani ya kidijitali: yake gramu 46, yetu gramu 29. Uzito pekee haukwambii betri ina chaji kiasi gani, na sikutaka kujifanya nina maabara. Lakini namba mbili za mizani mtu anaweza kuzisoma na kujiamulia mwenyewe.

Kisha nikaichukua taa ya Bibi, ambayo haikuwahi kulalamikiwa na mtu. Niliichaji mpaka taa ya kijani, nikaiwasha mwanga mkubwa saa kumi na mbili na nusu jioni, nikakaa nayo barazani na kahawa. Saa tatu na dakika arobaini ilikuwa imefifia kiasi kwamba sikuweza kusoma maandishi ya pakiti ya biskuti. Saa tatu na dakika kumi za kazi. Usiku uliofuata niliiwasha mwanga mdogo muda ule ule. Bibi alipoamka saa tisa kuswali aliikuta bado inawaka. Kwa adhana ya alfajiri ilikuwa imezima. Angalau saa nane na nusu, basi. Jambo la mwisho ilikuwa maji. Nilitaka kuimwagia kikombe kimoja cha maji ya jabia, na Bibi akaniangalia kama ninayemwaga maziwa, kwa sababu mvua ilikuwa mbali bado. Nikaimwagia juu ya beseni, kifuniko nimekibana kwa kidole, na maji ya beseni wakapewa mbuzi. Taa haikutetereka.

Sasa nilikuwa na shida nyingine. Hasira ilikuwa imepungua, na maoni yangu mapya yakaanza kusomeka kama ya mtu anayeomba radhi: "taa si mbaya, ila kuna changamoto kidogo." Changamoto kidogo! Mtu alikesha kwenye mikoko. Nikaona kwamba usawa hauji kwa kulainisha maneno. Lile la uchungu lilitakiwa libaki, mara moja tu, kwa maneno makavu, na likae mahali ambapo msomaji ameshajua sababu yake. Nililiweka mwanzo, nikalihamisha. Nyota nazo nilizigombania na nafsi yangu: moja ni ya kitu kisichofanya kazi kabisa, na taa ya Bibi inafanya kazi. Nikabonyeza Hariri, nikaweka hivi:

"Nyota 2. Inafaa nyumbani, si baharini.
Nilinunua mbili. Moja inatumika nyumbani na ni nzuri: mwanga mkali, mkanda haubani, imevumilia kumwagiwa maji, ilifika kwa wakati. Mwanga mdogo ulikaa zaidi ya saa 8. Mwanga mkubwa ulikaa saa 3 na dakika 10; tangazo linasema 12. Betri imeandikwa 9900 mAh, ina gramu 29. Ya jirani, ukubwa ule ule, ina gramu 46.
Ya pili ilitumika kwenye mashua, usiku. Ukungu uliingia kwenye kioo usiku wa kwanza, ikazima usiku wa nne. Kifuniko cha tundu la chaji hakibani pande zote. Ndani tulikuta kutu. Picha ya tano inasema IPX4, yaani kurushiwa maji tu, lakini kichwa cha tangazo kinasema haiingii maji na ni ya wavuvi. Mvuvi aliyeamini maneno hayo alikaa gizani na samaki wake mpaka asubuhi. Muuzaji abadilishe kichwa hicho."

Nilimsomea ami. Aliniomba nirudie pale pa mvuvi. Nikarudia. Akasema, "Hapo sawa. Hujasema jina?" Sikusema. Akarudi kwenye ndoana zake.

Muuzaji hajajibu. Neno "wavuvi" limeondoka kwenye tangazo, "haiingii maji" bado lipo. Yule aliyeniita mshindani amekaa kimya. Ila kuna kijana wa bodaboda aliniuliza chini ya maoni kama itamfaa wakati wa mvua. Nikamjibu mvua itaivumilia akibana kile kifuniko vizuri, ila isidondoke kwenye dimbwi, na awe na nyingine mfukoni.