Mbegu Moja, Mashairi Tofauti

Kazi yangu ni kuhariri tasnifu, na nyingi ni za fasihi. Siku hizi hata wanaochambua mashairi hutumia kompyuta, kwa hiyo sentensi hii naikuta mara kwa mara: "Sampuli ilichaguliwa kwa nasibu kwa kutumia programu ya R." Nukta. Sasa mimi nirudie vipi?

Mwanafunzi mmoja alijitahidi zaidi. Alikuwa na mashairi kumi, akataka matatu ya kuwasomea wasikilizaji wake. Akaandika kwamba mbegu ni 123, yaani namba inayoanzishia bahati nasibu ya kompyuta ili irudi ileile kila mara. Amri zake ni mbili tu:

```r
set.seed(123)
sample(1:10, 3)
```

Yeye alipata 3, 8, 4. Kwenye kompyuta yangu zikaja 3, 10, 2. Kompyuta haikulalamika hata kidogo. Tena namba ya kwanza inafanana, kwa hiyo ukitazama harakaharaka utadhani mambo ni shwari. Kumbe wasikilizaji wangesomewa mashairi mawili mengine kabisa, na sura nzima ya matokeo imesimama juu ya hayo.

Hakuna aliyekosea kuandika amri. Aprili 2019 lilitoka toleo la R 3.6.0, na ndani yake `sample()` ilibadilishiwa njia ya kuchagua. Njia ya zamani ilikadiria namba kwa namna iliyopendelea baadhi, hasa orodha inapokuwa kubwa mno. Wakaiondoa isiwe ya kawaida. Mbegu ni ileile, ila shamba limebadilika. Kompyuta ya mwanafunzi ilikuwa bado na 3.5.3.

Njia ya zamani haikufutwa. Ukiiita kabla ya kupanda mbegu, programu itakuonya, lakini itatii:

```r
RNGkind(sample.kind = "Rounding")
set.seed(123)
sample(1:10, 3)
```

Hapo nami nikapata 3, 8, 4. Lakini nilijua pa kushika kwa sababu aliniambia toleo lake nilipomuuliza. Msomaji wa miaka kumi ijayo atamuuliza nani?

Halafu kuna jambo ambalo toleo peke yake haliliokoi: shairi namba 8 ni lipi? Orodha ikipangwa kwa mwaka badala ya kichwa, nane inakuwa shairi jingine. Basi tukakubaliana aandike hivi: "Mashairi matatu yalichaguliwa kwa nasibu kutoka orodha ya kumi iliyopangwa kialfabeti kwa vichwa (Kiambatisho A), kwa `sample()` ya R 3.5.3, bila vifurushi vya ziada, mbegu 123." Angetumia vifurushi, kila kimoja kingetajwa na toleo lake, amri ya `sessionInfo()` huviorodhesha vyote vilivyopakiwa.

Sentensi imerefuka, ndiyo. Ila sasa mtu asiyemjua mwandishi anaweza kuyafikia mashairi yaleyale matatu, kisha akabishana naye juu ya maana yake.