Bwana Rudisha

Madereva walinibandika jina la Bwana Rudisha, na sikuwalaumu. Nilikuwa mchukua sampuli katika kiwanda cha saruji huko pwani, tanuri letu lilipoanza kuchoma taka zilizokaushwa na kukatwakatwa, ili kupunguza makaa ya mawe. Lori likifika nilichota juu, katikati na chini ya mzigo, nikachanganya, nikapeleka maabara. Ukubwa wa vipande, unyevu na kiasi cha joto wauzaji waliyaelewa upesi. Kilichotugombanisha ni klorini.

Mzee mmoja mwenye yadi ya taka alileta tani 10, kavu, zimekatwa vizuri. Klorini ikasoma asilimia 1.2, na mkataba uliruhusu 0.8, nikazirudisha.

"Mwanangu, kwani haziwaki?"

"Zinawaka, mzee. Shida inakuja zikishawaka."

Ndani ya tanuri mawe hufikia nyuzi 1,450. Kwa joto hilo klorini nyingi haikai kwenye klinka. Hugeuka mvuke pamoja na potasiamu na sodiamu, ikapanda na hewa ya moto hadi kwenye saikloni, yale mapipa marefu yanayopasha unga wa mawe kabla haujaingia tanurini. Huko juu kuna ubaridi kidogo, basi huganda juu ya unga, ikateremka nao, ikapanda tena. Kila mzigo mchafu unaongeza kwenye mzunguko huo. Chumvi iliyoyeyuka huunatisha unga kwenye kuta, mpaka tundu la chini la saikloni linaziba. Chumba cha udhibiti huona shinikizo limebadilika ghafla, na hapo vijana hupanda na vyuma virefu kuzibua. Unga huo una nyuzi zaidi ya 800, na ukiachia hutiririka kama maji. Nimeona mikono iliyoungua. Ndiyo maana sikuwa na huruma langoni.

Nilimfuata mzee yadini na waya wa shaba na taa ya gesi. Unauchoma waya mpaka uwe mwekundu, unaugusisha plastiki, unaurudisha motoni. Kwenye mifuko ya nailoni moto haukubadilika rangi. Kwenye vipande vya ngozi bandia kutoka kwa mafundi wa makochi, ukawa wa kijani kibichi. Ile ni PVC, na zaidi ya nusu ya uzito wake ni klorini. Tukapiga hesabu pale pale: kilo 100 za PVC halisi ndani ya tani 10 zinaleta kilo 57 za klorini, karibu asilimia 0.6, kabla hujahesabu chumvi ya mabaki ya chakula.

Mzee aliacha kupokea ngozi bandia, na mizigo iliyofuata ikapita.

Ukitaka kuliuzia tanuri taka, toa PVC kwa mkono kabla ya mashine ya kukatakata. Ikishachanganyika humo, kuitenga kutakugharimu zaidi ya bei ya mzigo.