Kabla Hujarudi Dodoma

Mitwero, Lindi

Mpwa wangu,

Nimesikia Sekretarieti ya Ajira imekuita tena kwenye usaili wa mahojiano. Lakini nimesikia pia kwamba safari iliyopita, ulipoulizwa kuhusu kutofautiana na mwenzako kazini, ulimsema yule karani mwenzako wa msimu wa korosho mpaka muda ukaisha. Hilo linaninyima usingizi.

Nilipokuwa kwenye kamati ya usaili wa watendaji wa vijiji, aliingia kijana msomi, mwenye sauti nzuri. Tukamuuliza swali hilohilo. Akatueleza uvivu wa mwenzake, kiburi chake, hata ukoo wake. Kila mmoja wetu alikuwa na karatasi ya alama, na tulipofika pa kuandika yeye mwenyewe alifanya nini, hatukuwa na la kuandika. Akakosa kazi. Haya ungeniuliza mimi niliyekaa upande ule wa meza.

Sasa lichukue jambo lako lilelile la msimu wa korosho. Anza na hali, kwa sentensi mbili tu: mlikuwa makarani wawili wa chama cha msingi, na uzito kwenye daftari lako ukawa haulingani na wa mwenzako, wakulima wakaanza kunung'unika. Usimpe jina wala tabia.

Kisha eleza ulichofanya, na hapo ndipo ukae. Ulisubiri wakulima waondoke, ukamwita pembeni, mkaweka madaftari sambamba na kupitia mzigo mmoja mmoja. Mkagundua yeye alikuwa akitoa uzito wa gunia tupu, wewe ulikuwa hutoi. Ukapendekeza nyote wawili mtoe, na kila jioni mtie saini ukurasa mmoja. Sema "nilimwita", "nilipendekeza". Ukisema "tulifanya" kila mahali, hawatajua lipi lako.

Malizia na matokeo: kwa mizigo iliyofuata, hesabu zenu zilikubaliana na za ghala kuu, na mkamaliza msimu pamoja. Usiongeze asilimia ambayo hukuipima. Watakuchimba, "Mwenzako angesemaje kuhusu hili?" Jibu la kutunga huvunjikia hapo. Basi jiulize mapema: angekuwa amekaa nyuma yako anasikiliza, angepinga neno gani? Hilo liondoe.

Usiseme hujawahi kukosana na mtu, hawataamini. Ugomvi wa mkopo au wa mapenzi uache huku nyumbani.

Yule karani mwenyewe nilimwona sokoni Lindi, akakuulizia kwa wema. Mpigie simu kabla hujasafiri, mkumbushane ilivyokuwa. Na ukisafiri, vyeti halisi viweke kwenye begi la mkononi.

Mjomba wako