Kupeleka Jibu Micheweni

Kabla ya safari hii Pemba nilikuwa naijua kwa karafuu tu. Kilichonipeleka ni mwani, tena si mwani wenyewe bali barua pepe moja. Kampuni inayonipa kazi za tafsiri Dar es Salaam hununua mwani mkavu kwa vikundi vya wakulima wa Micheweni, kaskazini ya kisiwa. Kikundi kimoja cha kina mama kilikuwa kimeipelekea pendekezo: mbali na mwani mkavu, kampuni inunue pia unga wa mwani wanaousaga wenyewe, na itangulize fedha za kununulia mashine kubwa zaidi. Meneja aliye ng'ambo akajibu kwa Kiingereza kwamba haiwezekani. Ofisa ununuzi alikuwa na safari ya huko, akataka jibu liwafikie kina mama kwa Kiswahili usiku wa kuamkia kikao chao, nami niwepo kama yatatokea maswali.

Karani mmoja alikwishatafsiri, kwa hiyo nilipewa rasimu niipitie njiani. Boti ya Unguja kwenda Mkoani ikishaiacha rasi ya Nungwi hukutana na mawimbi ya bahari kuu, na wahudumu wanajua: walianza kugawa mifuko kabla hatujaulizia. Nilisoma simu yangu mpaka tumbo lilipokataa. Rasimu ilisema hivi:

“Tunasikitika kuwajulisha kwamba ombi lenu halijakubaliwa kwa wakati huu. Kwa bahati mbaya hatutaweza kununua, ila tutalihifadhi kwa marejeo ya baadaye.”

Hakuna sentensi ya Kiingereza iliyoachwa, na sarufi yake ni safi. Ndiyo lugha ya barua za ofisini tunazozipokea tangu tuanze kutafuta kazi.

Mkoani tulipokewa na dereva wa kampuni, mwenyeji wa Wete. Njia inapanda na kushuka vilima katikati ya mikarafuu, jambo lililonishangaza kwa kuwa pwani ya mashariki ya Unguja niliyoizoea ni tambarare. Nikamsomea rasimu kwa sauti, mara moja tu, kisha nikamwomba anieleze barua inasema nini. Hivyo ndivyo ninavyoipima tafsiri yoyote itakayosomwa kikaoni: msikilizaji haulizwi kama ameelewa, maana kila mtu atasema ndiyo, huombwa asimulie.

“Wanaambiwa wangoje,” akasema. “Na mwani wao msimu huu hatununui.”

Ofisa alinyamaza mpaka Chake Chake.

Dereva hakukosea kusikia. “Halijakubaliwa” maana yake ni kwamba kukubaliwa bado kunatazamiwa; ukiongeza “kwa wakati huu” na “marejeo ya baadaye”, umemwambia mtu arudi mwezi ujao. Kwa Kiingereza maneno hayo ni adabu ya kufungia mlango, na anayeyapokea huko anajua. Kosa la pili lilikuwa kubwa zaidi. “Hatutaweza kununua” haisemi nini hakitanunuliwa, na kwa mkulima ambaye mnunuzi wake ni huyuhuyu, kisichotajwa ni kila kitu. Ofisa alikuwa anakwenda kununua mwani, na barua ingemtangulia kuwaambia hanunui.

Nikamuuliza sababu, kwa kuwa Kiingereza kilisema tu kwamba pendekezo haliendani na mwelekeo wa kampuni. Alinieleza kwa urefu. Mwani huu huishia kwenye viwanda vinavyotoa karajinani, kitu kinachoongeza uzito kwenye vyakula vya maziwa na dawa ya meno. Aina mbili zinazolimwa Zanzibar, spinosamu na kotonii, hutoa karajinani za namna mbili na bei zake si moja. Ukiwa mzima, mnunuzi anaona kwa macho kama umechanganywa, na akiukung'uta anaona mchanga. Ukishasagwa haoni kitu. Anabaki kuamini au kupeleka maabara. Basi si kwamba unga wa kina mama ulikuwa mbaya. Sababu hiyo ilifaa kuandikwa, ila mtafsiri hana haki ya kuitia barua maneno ambayo mwenye barua hakuyasema. Ofisa akamwandikia meneja, meneja akaridhia.

Usiku ule, katika nyumba ya wageni Wete, niliiandika upya. Meneja si Mwislamu, nami sikutaka kumtia mdomoni salamu isiyo yake, nikatumia ufunguzi wa barua zetu za zamani:

“Kwa Bi Mwenyekiti na wanakikundi wote. Baada ya salamu: tumepokea pendekezo lenu la kutuuzia unga wa mwani, pamoja na kilo 5 za mfano. Pendekezo tumelisoma lote na unga tumeupima.

Unga wa mwani hatutaununua, na fedha za mashine hatutazitanguliza. Uamuzi huu ni wa mwisho. Msingoje jibu jingine wala msituwekee unga.

Sababu ni kuwa viwanda tunavyoviuzia hupokea mwani mzima tu, ili viukague kabla ya kuuosha. Katika unga wenu hatukuona kasoro.

Mwani mkavu tunaendelea kuununua kwenu, kwa utaratibu uleule. Unga mkipata mnunuzi mwingine, muuzieni. Kwetu hakuna kinyongo.”

“Ombi” limeondoka, kwani waliotaka kuuza hawakuwa wanaomba msaada. “Kwa bahati mbaya” nayo imeondoka: meneja aliamua, hakupatwa na mkosi. Na kila kitu kimetajwa mwanzoni mwa sentensi yake, unga huku, mwani mkavu kule, ili sikio lisichanganye.

Ofisa aligomea “wa mwisho”. Aliona ni ukali. Nilimjibu kwamba kilo moja ya mwani mkavu imetokana na kilo saba au nane za mwani mbichi zilizobebwa kutoka baharini. Mama anayeuweka asage akitungoja angeweza kuuza leo. Dereva akasomewa, akasimulia sawasawa. Barua ikatumwa.

Kikao kilikuwa siku ya maji mafu. Wakati wa bamvua hungempata hata mmoja nchi kavu, maana bahari inapokupwa mbali ndipo wanapofunga mbegu na kuvuna. Katibu, kijana wa pekee pale, aliisoma barua kwenye simu yake. Bi Mwenyekiti alimrudisha mara moja tu, kwenye sentensi ya mwani mkavu, kisha akamgeukia ofisa: “Mwanangu, na kilo zetu tano?”

Malipo yake barua iliyasahau, ya Kiingereza na ya Kiswahili. Ofisa aliuliza bei, akalipa, akaandika stakabadhi.

Swali la pili sikulitazamia. Mama mmoja alisema kuna mtengeneza sabuni Unguja anayetaka unga ila anaogopa mchanga. Kama kampuni imeupima na haikuona kasoro, si ingeliandika hilo peke yake, kwenye karatasi yenye mhuri? Wengine wakaitikia. Ombi hilo nikalitafsiri kwa Kiingereza mchana uleule, na hapo nililinda kitu kimoja: hawakuwa wakiitaka kampuni ibadili uamuzi, kwa hiyo sentensi ya kwanza ilisema uamuzi wameupokea.

Meneja alijibu kesho yake. Atatoa karatasi, lakini itataja yale tu yaliyopimwa, yaani unyevu na mchanga wa zile kilo 5, pamoja na tarehe ya kupimwa.