Kabla Hujaposti Kuhusu Pampas za Jirani

Watu wangu, juzi jirani alinitumia ujumbe aliotaka kuweka kwenye grupu ya mtaa wetu hapa Kisii, upande wa Daraja Mbili. Akaniambia, "Wewe si ndiye hukaa kwa simu siku nzima, hebu nipigie msasa." Nilitoka chuo kabla ya kumaliza, maneno ndiyo yananilisha sasa, kwa hivyo hiyo kazi niliichukua. Ujumbe wenyewe ulikuwa hivi:

"WATU WA PLOTI YA CHINI MMEZIDI!!! Mmeziba mtaro na pampas kama watu hawana adabu. Huo uchafu mlitoka nao Nyamira. Kuna mama mmoja anajijua. Keateka naye amelala tu. NEMA wakija msilie."

Hasira yake naielewa. Mvua ya Kisii haina likizo, na mtaro ukiziba maji yanaingia kwa nyumba yake, si kwa nyumba ya aliyetupa. Lakini toa matusi kwa huo ujumbe uone kinachobaki: pampas zimeziba mtaro. Basi. Haujasema ni wapi, ni lini, wala pampas zipelekwe wapi. Hata mtu mwenye nia njema akiusoma hana la kufanya ila kujibu. Na hiyo ya Nyamira (mimi mwenyewe ni wa huko, salamu Keroka) ingetugeuza grupu ya kabila moja kubishana nani ametoka wapi, huku mtaro bado umeziba.

Kwa hivyo nikamuuliza maswali kwanza. Maji yalifika wapi? Mlipofukua mlipata nini? Ploti ya chini wanatupa wapi taka zao? Hapo akanyamaza kidogo. Lori la taka huishia barabarani, halishuki huko. Na tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku mwaka wa 2017, hakuna tena ile jwala ya dukani ya kufungia pampas. Mtu anatoka nayo mkononi usiku, anaangalia huku na kule, na mtaro uko hapo.

Tukaandika upya:

"Bwakire majirani. Leo asubuhi maji ya mtaro yaliingia nyumba tatu za ploti ya juu. Tulipofukua pale kwenye kalivati tulipata pampas na maganda ya ndizi. Tunajua lori halifiki huku ndani. Kuanzia Jumamosi kutakuwa na gunia kando ya tangi. Tunaomba pampas zimwagwe choo kwanza, zikunjwe, zifungwe kwa gundi zake, kisha ziingie humo. Kijana wa mkokoteni atalibeba kila Jumatano. Mwenye wazo bora atuambie."

Angalia kitu kimoja kidogo. "Mmeziba mtaro" imekuwa maji "yaliingia". Hiyo "m" ya mwanzo ndiyo kidole machoni. Ukiiondoa, mtu anaweza kubadilika kimyakimya bila kukiri mbele ya watu hamsini. Yule mama "anajijua" pia ametoka, kwa sababu ukimlenga mmoja, wengine wote wanaotupa wanapumua, wanaona si wao.

NEMA nao tuliwatoa. Sheria ipo, hata ile ya taka ya mwaka wa 2022 inataka taka zitenganishwe kuanzia nyumbani, lakini tishio kwenye ujumbe wa kwanza linakumalizia risasi mapema. Mkishaweka gunia na bado mtaro unaziba, hapo nendeni kwa afisa wa afya ya umma mkiwa na picha zenye tarehe. Picha ya mtaro, si ya mlango wa mtu.

Sasa kuna wale wanazidisha adabu. "Samahani sana wapendwa, kama nitakosea mnisamehe, ni kaombi tu..." Mpaka ufike kwa pampas watu wameshalala. Na kuna adabu ya kejeli, "wapendwa wetu wasafi wa ploti ya chini", ambayo ni matusi yamevaa tai. Salamu moja na "tunaomba" moja zinatosha, mahali na siku ndivyo vinafanya kazi.

Ujumbe ulienda Alhamisi jioni. Kulikuwa na vidole gumba kadhaa na mmoja akauliza kama ni siasa. Usiku, mama mmoja wa ploti ya chini alimwandikia jirani yangu pembeni: anatoka kazini saa nne, kule kwenye tangi hakuna taa, gunia linaweza kuwekwa karibu na geti? Likawekwa getini. Limejaa kwa siku tatu, na sasa mjadala kwenye grupu ni nani atamlipa kijana wa mkokoteni mia yake ya wiki.