Umeme Umerudi: Kipi Kiliwe na Kipi Kimwagwe?

Umeme unaporudi baada ya kukatika usiku kucha, wengi wetu akina mama hufungua friji, tukanusa sufuria moja moja, kisha tukaamua. Ndivyo tulivyolelewa. Lakini pua haiiwezi kazi hii. Vijidudu vinavyokifanya chakula kinuke si lazima viwe ndivyo vinavyotuumiza tumbo, na maharage yanayonukia vizuri kabisa yanaweza kuwalaza watoto wote kabla ya jioni. Vitu viwili vinasema kweli zaidi: saa, kwa upande wa friji, na barafu, kwa upande wa friza.

Tuchukue Jumamosi moja ya joto hapa Dar es Salaam. Umeme ulikatika nyumbani kwetu saa 2 usiku, ukarudi Jumapili saa 4 asubuhi, tulipokuwa kwenye ibada. Hizo ni saa kumi na nne. Friji yetu ni ya milango miwili, friza ndogo juu na friji chini, na watoto walikuwa wamekatazwa kuifungua. Katika friji kulikuwa na sufuria ya maharage ya nazi, wali uliobaki, maziwa lita moja, vibua vitatu vibichi, nusu ya tikiti, nyanya, karoti, siagi na jamu. Katika friza kulikuwa na kuku mzima, pakiti mbili za nyama ya ng'ombe, pakiti ndogo ya maini, na nafasi kubwa tupu.

Tuanze na friji. Inapofanya kazi vizuri, ndani huwa na nyuzi 4 au chini ya hapo. Umeme ukikatika na mlango ukabaki umefungwa, ubaridi huo hudumu kama saa nne tu. Ukifungua kila mara kuchukua maji, usizihesabu hizo nne. Na kama mpira wa mlango umechoka, ni pungufu zaidi. (Kuujua si kazi: bana karatasi mlangoni, ikichomoka bila kushikiliwa, mpira huo haufai tena.) Kwa hiyo usiku ule friji yetu iliacha kuwa salama kuanzia kama saa 6 usiku, wakati sisi tumelala. Tulipofungua asubuhi, kipimajoto tunachokiweka kwenye rafu ya katikati kilionyesha nyuzi 17. Kwa nyuzi 17 maharage hayako kwenye friji, yako kabatini.

Mama mkwe alikuwa nasi siku hizo, na hakupenda kuona sufuria ya maharage ya nazi inakwenda kumwagwa. "Wanangu, kiporo si tunachemsha? Sisi tumekula viporo miaka yote." Swali lake ni la haki, na tulimjibu kwa heshima, kwa maana hapa ndipo wengi tunapokwama. Kuchemsha huua vijidudu vingi, ndiyo. Lakini baadhi ya vijidudu, vikishapata saa kadhaa za joto, huacha sumu ndani ya chakula, na sumu hiyo haiondoki kwa kuchemsha. Wali ndio unaojulikana zaidi kwa hilo. Mbegu za kijidudu chake hupona hata wakati wa kuupika mara ya kwanza, kisha huamka wali ukipoa polepole au ukikaa katika joto. Anayekula hutapika baada ya saa chache, hata kama wali ulipashwa mpaka ukatoa moshi. Kijidudu kingine hutoka mikononi na puani mwetu wakati wa kupakua, nacho huacha sumu ya namna hiyo hiyo.

Samaki nao wana lao. Kibua na jodari, wakikosa ubaridi, hutengeneza kitu ambacho hakipungui kwa kukaanga wala kwa kuchemsha. Mlaji huwashwa, uso humwiva mwekundu na kichwa humgonga, pengine kabla hajamaliza kunawa mikono. Watu husema "ana mzio wa samaki," kumbe samaki alilala bila barafu.

Basi maharage, wali, maziwa, vibua na lile tikiti lililokatwa vilikwenda. Mama mkwe alinyamaza kidogo, kisha akasema afadhali hasara ya chakula kuliko kukesha hospitali na mtoto. Nyanya, karoti, siagi na jamu tulivirudisha, kwa kuwa hivyo havidhuriki na usiku mmoja wa joto. Hakuna aliyeonja kitu ili kujaribu. Kuonja hakukuambii sumu ipo au haipo, na kijiko kimoja kinatosha kumuumiza mtoto mdogo, mama mjamzito au mzee.

Friza ina hesabu nyingine kabisa, na ni ya kupendeza. Barafu haiyeyuki upesi, kwa sababu kilo moja ya barafu ili iyeyuke hula joto linalotosha kupasha kilo moja ya maji kutoka nyuzi 0 mpaka 80. Hivyo kila pakiti iliyoganda huilinda jirani yake. Friza iliyojaa na kufungwa hudumu kama saa arobaini na nane. Iliyojaa nusu, kama ishirini na nne. Friza ndogo ya juu, katika joto la pwani, tusiitegemee kufika huko.

Hapo ndipo mkono unapofanya kazi. Tulibonyeza kila pakiti. Nyama mbili zilizokuwa zimebanana na kuku zilikuwa bado ngumu kama jiwe. Tuliziacha zigande tena. Kuku alikuwa amelainika mapajani, lakini kifuani na ndani ya tumbo mlikuwa na barafu. Chakula chenye chembe za barafu, au chenye ubaridi wa nyuzi 4 au chini, kinaweza kugandishwa tena, ila kitapoteza maji na nyama yake itakuwa kavu. Kwa sababu hiyo tulimpika siku ile ile. Maini yalikuwa pembeni karibu na mlango, yamelegea kabisa na hayana ubaridi tena. Hayo hayakuwa na mjadala. Maji yake ya damu yalikuwa yametiririka kwenye trei ya barafu ya kunywea, nayo tukaimwaga, tukaosha friza kwa sabuni kisha kwa maji yenye dawa ya klorini.

Tangu siku ile nafasi tupu za friza tunazijaza chupa za plastiki zenye maji, tukiacha vidole vitatu juu kwa kuwa maji hutanuka yakiganda. Umeme ukikatika, tunahamisha chupa mbili kwenda kwenye friji, pembeni ya maziwa na samaki, mara moja na kwa haraka, halafu mlango haufunguliwi tena.

Na kwa familia inayosafiri kwenda msibani au likizo, kuna njia ya sarafu. Gandisha kikombe cha maji, weka sarafu juu ya barafu, kiache katikati ya friza. Ukirudi ukakuta sarafu imezama chini, kila kitu kiliyeyuka na kuganda tena ukiwa mbali, hata kama sasa kinaonekana kigumu na kizuri. Ikiwa imezama nusu, kiliyeyuka kiasi. Lakini kikombe hicho husema habari za pale kilipo tu. Pakiti ndogo ya mlangoni inaweza kuwa imeyeyuka huku sarafu ikiwa juu, na kuhusu friji ya chini hakisemi neno lolote.