Barua ya Mjomba kwa Mbunifu

Mjomba wangu ni fundi seremala mtaa wa Nsambya, Kampala, ambako samani hupangwa kando ya barabara ili wapita njia wazione. Ana karakana ndogo na vijana wawili. Mwaka jana aliamua kumwandikia mbunifu wa samani anayeheshimika, mama mmoja wa Dar es Salaam, amwombe aonyeshe kiti chake kwenye ukurasa wake unaotazamwa na watu wengi. Kwa kuwa ni mimi ninayesoma Kiswahili katika ukoo wetu, kazi ya kuandika ikawa yangu.

Mjomba alianza kunitajia sifa kwa Kiganda: kiti imara, kizuri, bei nafuu. Nikamwuliza, "Mjomba, mama huyo akitaka kujua kwa nini kiti hakitalegea, tumjibu nini?" Hapo akaacha sifa, akaeleza kazi.

Kiti ni cha mvule, mti ambao Waganda tunauita omuvule. Miguu haipigwi misumari. Ncha ya ubao huchongwa ulimi, wenye unene wa kama theluthi moja ya ubao wenyewe, ukaingizwa katika tundu na kutiwa gundi. Ulimi wa mbao mbichi hukaza vizuri siku ya kwanza, lakini ukikauka hunywea, na baada ya miezi kadhaa kiti huanza kucheza. Kwa hiyo mjomba hupanga mbao kivulini, akiweka vijiti kati yake ili hewa ipite, na kila wiki hupima kipande kimoja kwenye mizani. Uzito ukiacha kupungua, anajua mbao zimekauka kadiri hewa ya Kampala inavyoweza kuzikausha. Pwani kuna unyevu zaidi, nazo mbao zitavimba kidogo. Ndiyo sababu huacha nafasi kati ya vibao vya kukalia. Yote haya tuliyaandika.

Tulibishana juu ya idadi. Mjomba alitaka tuseme anaweza kupokea oda yoyote, maana aliona haya kuonekana mdogo. Lakini karakana yake hutoa viti vinne kwa mwezi. Watu 30 wakiagiza kwa pamoja, wa mwisho atangoja zaidi ya miezi saba, na lawama zitamwendea mama aliyetusifu. Tulikuwa tunaazima jina lake. Mwishowe mjomba alikubali tuandike "vinne kwa mwezi", tena akaahidi kumpelekea kiti kimoja akikague kwanza, kwa gharama yetu. Kwake hiyo ni robo ya kazi ya mwezi.

Jibu lilikuja baada ya wiki tatu. Mama hakuuliza bei. Aliomba picha ya ulimi kabla haujatiwa gundi, na uthibitisho kwamba hivyo vinne kweli vitatoka kila mwezi. Mjomba alinisomesha barua hiyo mara mbili, kisha akaenda kuchonga ulimi wa kupigwa picha.